Kosa la Tatu

Mtaani walimwita Filimbi, ingawa filimbi yenyewe ilipotea zamani na hakuhangaika kununua nyingine. Asubuhi alitengeneza friji za watu, jioni alifundisha watoto soka kwenye kiwanja cha shule, bure bilashi, malipo yake yakiwa koo lililokauka. Mtu wa aina hiyo ukimwambia akae chini aandike, umemfunga kamba. Lakini chama cha soka ya vijana kilitaka video ya mazoezi, isambazwe kwenye simu za makocha na watoto wa kila mji, kikamchagua yeye, naye akakubali kabla hawajamaliza kusema.

Sababu aliijua moyoni. Binti yake, Mwiba, alikuwa mji mwingine. Wazazi walipoachana, mama alipata kazi mbali akaondoka na mtoto, na hakuna wa kulaumiwa, mambo yalikwenda hivyo tu. Zamani baba na binti walizungumza mpira kutoka uwanjani mpaka mezani, mpaka mama mtu anagonga sahani na kijiko wanyamaze wale. Sasa kila Jumapili Filimbi alipiga simu. Aliuliza shule, akajibiwa "poa." Aliuliza timu, akajibiwa "poa." Baada ya hapo walibaki kusikilizana wakipumua. Alimkumbuka mwanawe kupita kiasi, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua namna ya kuwa baba wa mtoto asiyemwona akicheza. Video hii ingefika mpaka kwenye timu ya Mwiba. Alitaka ndani yake kuwe na kitu ambacho mtoto huyo, na yeye peke yake, angejua kuwa ni chake.

Mpiga video alikuwa dada mmoja aliyezoea harusi, mwenye mdomo usio na breki. Alikuja karakana, akakaa juu ya friji iliyotolewa injini, akasoma alichoandika kocha.

"Kocha, hii ni video au hotuba? Makosa saba! Kosa la pili tu, watoto washaenda kunywa maji."

"Lakini yote yanatokea."

"Yatokee tu. Wewe chagua matatu. Eleza zoezi kwa maneno machache, halafu onyesha, kwanza kwa kasi ya kawaida, kisha polepole. Mwisho makosa: hili hapa kosa, hii sababu, fanya hivi. Basi."

Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza na gumu kulifanya. Wachezaji watatu wanajipanga kwenye mstari mmoja. Wa katikati anapokea mpira kutoka kwa aliye mbele yake na kuupeleka kwa aliye nyuma yake. Mpira ukiwa njiani, anatupa jicho begani ajue nyuma kuna nini. Anasimama kiubavu, mwili umefunguka, anapokea kwa mguu wa mbali, ule ulio upande anakoelekea, ili mguso wa kwanza umgeuze na wa pili uwe pasi.

Kosa la kwanza walikubaliana: kuukodolea mpira macho mpaka unafika. La pili pia: kupokea kwa mguu wa karibu, mwili ukajifunga, kisha mchezaji akahangaika kugeuka huku adui keshamfikia. La tatu ndilo lililoleta ubishi.

"'Mchezaji kumtazama kocha,'" mpiga video alisoma. "Hili si la miguu. Tulikate."

"Hilo halikatwi."

"Kwa nini?"

Filimbi alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akamweleza. Mwiba alikuwa na tabia hiyo. Mpira ukija, badala ya kuangalia begani, anatazama pembeni ya uwanja kuona kama baba anamwona. "Nilimpigia kelele mpaka sauti ikapotea. 'Usinitazame! Mimi sichezi!' Basi akaacha. Akaacha kabisa, dada yangu. Na sasa natamani anitazame hata mara moja."

Yule dada alichukua kalamu akatia tiki pembeni ya kosa la tatu.

Siku ya kurekodi walianza vibaya. Kamera iliwekwa ubavuni mwa mstari, na jicho la begani, ambalo ndilo roho ya zoezi, halikuonekana. Wakaihamishia nyuma ya mtoa pasi, sasa uso wa mpokeaji ukaonekana wazi. Filimbi alionyesha mwenyewe polepole, goti likilalamika, kisha watoto wakafanya kwa kasi. Makosa mawili ya kwanza waliyaigiza vizuri, tena kwa furaha, maana kukosea kwa ruhusa ni raha.

La tatu liliwashinda. Walipoambiwa wamtazame kocha, mmoja alitabasamu kama anapigwa picha ya shule, mwingine alipiga saluti, na wote waligeuza shingo kabla mpira haujaguswa. Kosa ambalo mtu hulifanya bila kujua haliigiziki. Mwishowe Filimbi akasema, "Acheni maigizo, chezeni tu." Kamera ikaachwa inarekodi. Haikupita muda, msichana mfupi kuliko wote, waliyemwita Kijiko, alipigiwa pasi. Mpira ukiwa njiani macho yake yakakimbilia kwa kocha, na mpira ukampita chini ya soli.

"Nimelipata!" mpiga video akapiga kelele. Kijiko akajifunika uso kwa jezi.

"Usione aibu, mama," Filimbi alimwambia. "Umetusaidia sote."

Ikabaki kurekodi maneno ya kurekebisha kosa hilo. Karatasi ilisema: "Usimtazame kocha. Kocha hachezi." Alisimama mbele ya kamera, kinasa sauti kwenye kola, akaanza, "Usimta..." akakwama. Akaanza tena. Maneno yale yale aliyokuwa akimpigia kelele mwanawe yalikataa kutoka.

"Kocha," mpiga video alisema taratibu, "kwenye yale mengine umewaambia cha kufanya. Hapa umewaambia cha kuacha tu."

Na kweli, ndilo aliloshindwa kuliona miaka yote. Mtoto ukimwambia "usi" ukaishia hapo, umemfungia mlango bila kumwonyesha mwingine. Filimbi alikunja karatasi akaitia mfukoni, akatazama kioo cha kamera.

"Mpira ukiwa njiani, tazama begani. Pokea, geuka, toa pasi. Ukishatoa pasi, nitazame. Mimi nipo hapa hapa pembeni. Siendi popote."

Video ikasambaa. Filimbi akawa mtu wa kurukia simu. Kila ikilia karakana aliifikia mbio, na kila mara alikuwa mtu anayetaka kujua barafu yake itaganda lini. Jumapili Mwiba alijibu "poa" kama kawaida, wala hakutaja video. Naye baba aliogopa kuuliza.

Mchana mmoja, akiwa jikoni anakula kiporo, video ikaingia kwenye simu. Ilitoka kwa Mwiba, bila neno hata moja. Kwanza aliitazama kwa jicho la kocha, hakuwa na lingine karibu. Mtoto alikuwa amerefuka. Mpira ukaja, jicho begani, mwili wazi, mguu wa mbali, pasi imenyooka. Hakukuwa na kosa. Filimbi alifurahi, na papo hapo roho ikamuuma, maana hata dosari moja ya kurekebisha hakumwachia.

Alitaka kuiweka simu chini, lakini video ilikuwa inaendelea. Pasi ilipokwisha kuondoka, Mwiba aliinua kichwa akatazama kamera. Hakutabasamu. Alitazama tu, akingoja, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo, mpaka video ikaisha.

Filimbi alijikuta amenyoosha dole gumba juu, pale jikoni, peke yake, kidole kina mafuta. Akakumbuka kwamba hakuna anayekiona. Akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akapiga simu ya video, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mahali ambapo kocha husimama, akanyoosha dole tena na kulishikilia juu huku simu ikiita.

Sura ikatokea. Mwiba alisogeza uso karibu na kioo, akakaza macho.

"Baba," alisema, "mbona umesimama mbali hivyo? Sogea nikuone."