Kufuli na Pesa Zisizo na Namba

Wenzake walimpa jina la Kufuli, naye hakulikataa. "Kufuli si tusi," alisema. "Aibu ni mlango usiofungwa."

Alikuwa karani wa malipo katika kituo cha kutotolesha vifaranga, mwanamke wa makamo aliyelelewa na shangazi yake, muuza mkaa aliyemjazia kila mteja kopo mpaka mkaa ukamwagika. Dirisha la ofisi yake lilitazama uani, mahali pikapu zilipopakiwa. Zamani ujumbe wa malipo ulipoingia kwenye simu ya kituo, aliutafutia oda yake kwa macho. Siku hizi programu ya kompyuta ndiyo iliyofanya kazi hiyo, na kanuni zake alizipanga yeye pamoja na mtaalamu aliyeiandika.

Programu ilisoma kila ujumbe: kiasi, simu iliyolipa, namba ya muamala, na namba ya oda kama mteja alikumbuka kuiweka. Namba ya oda na kiasi vikilingana, oda ilipita bila kumsubiri mtu. Kiasi kikipungua kidogo tu, kwa kadiri ya makato ya mtandao, ilipitisha na kuandika deni. Kikipungua zaidi, ilizuia. Kikizidi, ziada ilibaki kwenye akaunti ya mteja. Namba ya oda ikikosekana, ilitafuta mteja kwa namba ya simu. Asipopatikana, pesa ziliingia kwenye foleni ya Kufuli, zikangoja mtu aulize.

Foleni hiyo ilimkera meneja. Asubuhi moja aliingia ofisini bila kusalimu.

"Mama, kuna malipo ya maboksi matatu yamelala humo tangu jana. Yape oda ya shemeji yangu. Pikapu yake iko uani."

"Yametoka kwenye simu isiyo yake, bosi, na hayana namba ya oda."

"Kiasi si kilekile? Na oda yake si ndiyo ya kwanza?"

"Kiasi ni kilekile, ndiyo. Sisi tunauza kwa boksi la vifaranga mia. Bei zetu zinafanana kama mayai. Yuko fundi cherehani naye aliagiza maboksi matatu, na oda yake pia iko wazi. Simu yake haipatikani."

"Ikifika saa sita hajalipa, inauzwa kwa mwingine. Huo ndio utaratibu."

"Hajalipa, au hatujajua kama amelipa?"

Shemeji mtu alichungulia mlangoni akizungusha funguo za gari. "Dada Kufuli, mimi nimelipa jana. Unaniona mwizi?"

"Sijakuita hivyo, shemeji. Nisomee namba ya muamala kwenye ujumbe wako. Mlipaji na mpokeaji hupata namba moja."

"Nimefuta. Simu ilijaa."

"Ilijazwa na ujumbe mmoja huo tu?"

Mpakiaji aliyekuwa dirishani akaangua kicheko. Meneja hakucheka. "Vifaranga hawatarudi kwenye yai wakikusubiri wewe. Idhinisha, au kesho utafute kazi kwingine."

Kufuli alikuwa na ada ya shule ya mwanawe, na kodi. Alitoa mikono yake kwenye kibodi, akaiweka magotini.

"Andika barua ya kunifukuza, bosi. Lakini jina langu halitakaa chini ya oda hiyo. Pesa isiyojulikana mwenyewe si pesa ya jamaa yako."

Naandika haya kwa sababu wengi wetu, tukifika hapo, tungebonyeza. Tungesema kompyuta ndiyo iliyokosea. Kompyuta haina dhamiri. Hufuata ya yule aliyeipa kanuni.

Kufuli alikuwa ameshaipigia simu iliyolipa mara kadhaa bila kujibiwa. Akapiga tena mbele yao, akaweka sauti juu. Safari hii ikapokelewa.

"Napiga kutoka kituo cha vifaranga. Jana ulitutumia pesa. Ni za oda ya nani?" Hakutaja kiasi wala jina.

"Za fundi cherehani, jirani yangu hapa dukani. Simu yake imeingia maji, akanipa taslimu nimlipie. Za maboksi matatu. Kwani hazikufika? Ameshaondoka kuja huko!"

"Zimefika. Nisomee namba ya muamala, ndugu yangu, taratibu."

Mwenye duka akasoma, herufi kwa herufi. Kufuli akaifuata kwenye skrini kwa kidole, kisha akaiunganisha na oda ya fundi. Meneja alitoka. Barua ya onyo aliiandika siku hiyohiyo. Kufuli akaisaini kwamba ameipokea, si kwamba amekosa.

Uani, wapakiaji walikuwa wakiyashusha maboksi waliyokwisha kuyapakia kwenye pikapu ya shemeji. Shemeji alitoa simu, akalipa papo hapo kwa hasira, na namba ya oda akaiweka. Alilipia maboksi mawili, akidhani la tatu litapita kwa undugu. Programu ikaizuia oda.

"Ni kompyuta iliyokataa," akafoka dirishani, "au ni wewe?"

"Sote wawili," akasema Kufuli.