Wiki Mbili za Kumficha Matroni

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya wazazi Kilosa, Matroni Mwanaidi hakuniuliza cheti. Alinipa partografu, karatasi ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, akasema, "Kila nusu saa sikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Usiandike usichokisikia."

Miaka mingi baadaye tulikutana tena katika kituo cha afya Mikumi, yeye akiwa mkuu wangu. Alipobakiza wiki mbili kustaafu, Mganga Mfawidhi, msimamizi wa kituo, aliniita. "Sista Roda, tumuage kwa kumshtukiza. Siri hii isimamie wewe."

Nilimfuata kila mmoja peke yake. "Ijumaa saa tisa alasiri, ukumbi wa kliniki. Matroni hajui, na asijue. Naomba uniahidi." Nilisubiri mpaka mtu aseme ndiyo. Nikafungua kundi la WhatsApp bila yeye, nikaliita Zamu za Chanjo, ili hata akichungulia simu ya mtu asishtuke. Tulikubaliana uongo mmoja tu, kwamba Ijumaa kuna makabidhiano ya vifaa. Akiuliza zaidi, aelekezwe kwangu. Mlinzi na mama wa usafi niliwaambia pia, kwani asiyejua kwamba jambo ni siri hulitamka bila kukusudia.

Siri haikuvuja, ila Matroni alianza kunyong'onyea. Akiingia chumba cha dawa, mazungumzo yanakatika, simu zinafunikwa. Jumatano hakuja kunywa chai nasi. Alhamisi nilimkuta anahamishia vitu vya mezani kwake kwenye boksi.

"Shikamoo, Matroni. Mbona mapema?"

"Marahaba. Kesho siji. Napanda gari la asubuhi, nakwenda kwetu Vidunda. Watu wakinyamaza kila ukipita, ujue wamekuchoka."

Kuitoboa siri peke yangu sikuweza. Wenzangu wote niliwaapisha mimi, na Mganga Mfawidhi alikuwa safarini, simu haipatikani.

"Matroni, hakuna aliyekuchoka," nikasema. "Kuna jambo nakuficha, na leo siwezi kulisema. Si baya. Naomba kesho uje."

Aliendelea kupanga vitu vyake.

Ijumaa saa tisa ilifika, ikapita. Pilau ilianza kupoa. Nilitoka nje mara tano, nikarudi na kuwaambia wenzangu anakuja, nami sijui kama yupo Mikumi.

Saa tisa na nusu akaingia, amevaa sare nyeupe, daftari la makabidhiano mkononi. Tulipopiga makofi alikaa kiti cha karibu, akalia. Halafu alipita kwa kila mmoja, akimshika mkono na kuomba radhi kwa alivyomfikiria. Aliponifikia alisema, "Nilikuwa nimeshakata tiketi. Ulipokiri kwamba unanificha, ndipo nilipokuamini."

Sasa nami nimestaafu. Vijana wanaopanga kuagana hivi hunipigia kuuliza siri inatunzwaje. Nawaeleza kuhusu kundi na ahadi. Kisha nawauliza, katika siku hizo zote, nani atakunywa chai na huyo mnayemficha?