Yasmina na Weupe wa Limau

Pale Biryogo, mtaa wa Kigali, ukimwambia Yasmina keki yake ina kasoro, umejitafutia balaa. Lakini Idi ya mwaka jana mamamkwe wake alionja kipande, akakunja uso: "Mwanangu, hii chungu. Ikiwa hivi tena, mwakani atapika Zulfa." Zulfa ni wifi yake Yasmina. Loo! Keki ya malimau ndiyo iliyompa Yasmina jina ukweni, na mwaka mzima aliogopa kunyang'anywa.

Basi safari hii sokoni hakucheza. Wenzake wakikimbilia malimau makubwa yanayong'aa, yeye alishika mawili ya ukubwa mmoja, moja kila mkono, akachukua lililo zito, ndilo lenye maji. Alitaka ganda jembamba, linalobonyea kidogo. Machungwa nayo vivyo hivyo, hata ya kijani.

"Rangi hainywewi," alimwambia muuzaji.

Asubuhi ya Idi, watu waliporudi kutoka kuswali, aliyaviringisha machungwa mezani kwa kiganja mpaka yakalegea, akayakata na kuyakamua. Jagi likajaa. Kisha akashika limau zima na greta, akakwangua ganda kwa nguvu zote. Zulfa alikuwa ameegemea mlango.

"Wifi, taratibu! Unalikwangua mpaka mifupani! Ishia kwenye njano. Huo weupe ndio uchungu."

Yasmina akanuna. Ahaa, anataka nichukue kidogo, keki ikose harufu, apewe yeye! Kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo akachota weupe kidogo, akaonja. Shubiri! Akaonja ile njano ya juu: harufu ikampanda mpaka puani. Aliona haya. Mwaka mzima alikuwa akiyasingizia malimau ya watu.

Akayamwaga yote aliyokwisha kukwangua. Akachukua malimau mengine, akawa anayakwangua juu juu huku akiyageuza, weupe ukichungulia tu anahama. Akafikicha maganda yale na sukari mpaka ikalowa na kunukia. Hapo ndipo alipoyakata na kuyakamua, maana limau lililokwisha kukamuliwa hulegea, kulikwangua ni kazi bure.

Jioni mamamkwe alimaliza kipande chake cha keki, akanyoosha sahani tena.

"Hii sasa ndiyo keki! Umefanyaje?"

Yasmina angeweza kunyamaza. Alitamani kunyamaza, wallahi.

"Wifi ndiye aliyenielekeza, mama."

"Kumbe Zulfa unajua! Basi mwakani utapika wewe."

Yasmina akajuta kusema ukweli. Lakini aliyeruka kitini ni Zulfa.

"Mimi? Mama we! Nimemwonyesha ili nisipike! Idi nzima nikae jikoni, nani ananitakia hayo?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Yasmina alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamkatia wifi yake kipande kikubwa kuliko vyote.