Zamu ya Maji ya Nyumba Isiyo na Mwanamume

Uvumilivu wangu uliisha asubuhi ya mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa anasoma orodha ya mashamba ya bondeni, akafika kwenye langu, akasema, "Hili halina mtu." Nilikuwa nimeketi hatua tano tu mbele yake, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kashika khanga yangu. Katibu akachukua kalamu akapiga mstari kwenye daftari.

Nikasimama bila kuomba ruhusa. Mwenyekiti ni wa ukoo wa mume wangu, kwa hiyo nilianza kwa adabu. "Shikamoo shemeji. Shamba hilo nimelipalilia jana. Aliyelipalilia ni nani, nyani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Keti, shemeji. Hapa tunawataja wenye nyumba."

Mama mkwe akanivuta khanga, akaninong'oneza kwa Kishambaa nikae nisimtie aibu. Nilikaa. Lakini kitu kilikuwa kimeshakatika ndani yangu, na hadi leo hakijaungika.

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa jiografia alitufundisha kuandika insha juu ya watu kuhama vijijini kwenda mijini. Alitaka utangulizi, sababu, matokeo, hitimisho, na kila hoja na mfano wake. Yangu ilisomwa mbele ya darasa. Niliiandika bila kujua lolote, mifano yote niliitoa kitabuni. Sasa mifano ninayo. Hayo niliyosema juu ndiyo utangulizi.

Sababu

Ya kwanza ni ardhi. Baba mkwe alikuwa na mteremko mmoja na kipande cha bonde, na watoto wa kiume wanne. Alipofariki vyote viwili vikagawanywa mara nne. Fungu letu la mteremko unaanza kulilima juu ukishakunywa chai, na jua halijafika utosini umeshafika chini. Mvua kubwa ikinyesha udongo mwekundu unateremka, yanabaki mawe. Kipande chetu cha bondeni ndicho kilichotulisha: maharage, viazi, kabichi kidogo za kuuza Mlalo siku ya soko.

Ya pili ni mshahara. Wanaosema mtu huamka tu akaenda Dar es Salaam hawajawahi kuagana na mtu. Mume wangu alikwenda kwa vituo. Kwanza aliteremka chini ya milima, upande wa Magoma, akakata mkonge. Mwisho wa mwezi alipanda na sukari na sabuni, mikono imejaa mikwaruzo ya miiba. Kisha bei ya mkonge ikaanguka kwa sababu huko ng'ambo walianza kutengeneza kamba za nailoni, na shamba likapunguza watu. Mtu aliyezoea mshahara hapandi tena mlima kuja kugawana mteremko na kaka zake. Akaenda Tanga. Tanga kazi ilikuwa ya kubahatisha. Ndipo kijana wa kwetu aliyetangulia Dar es Salaam akamwandikia kwamba sakafuni kwake kuna nafasi ya mkeka mmoja. Naye baadaye akamwita mwingine. Wanaume wa kilima chetu walihama hivyo, mmoja akimvuta mwenzake, hadi wakajaa chumba kimoja.

Ya tatu nitaisema ingawa inanichoma. Shuleni tuliimba habari za jembe na kujitegemea, lakini mwanafunzi aliyekosea hesabu aliadhibiwa kwa kupelekwa kulima. Sote tulielewa jembe ni la nani. Mume wangu alipofunga mzigo wake mimi ndiye niliyekunja mashati. Nilijiona mke wa mtu wa mjini.

Matokeo

Mjini alipata kibarua bandarini, kikaisha. Aliuza karanga. Wakati ule wasio na kazi walikamatwa na kupakiwa kwenye malori, wakarudishwa vijijini kulima. Naye alirudishwa. Alikaa wiki mbili, akitazama fungu letu la mteremko kama mtu anayetazama sahani tupu, kisha akaondoka tena alfajiri. Barua zake zilifupika, mwishowe zikakoma. Yule kijana wa mkekani aliniandikia kwamba mume wangu yuko hai. Basi.

Huku nyumbani matokeo yalipitia kwenye mfereji.

Bonde letu linanywa maji ya mfereji unaotoka juu msituni. Tangu zamani kuna siku ya mfereji: kila nyumba inatoa mwanamume mmoja wa kuzibua na kujenga kingo, wanawake wanaleta chakula. Aliyefanya kazi anaandikwa, aliyeandikwa anapewa zamu ya maji. Wanaume walipokuwepo utaratibu huo haukumuumiza mtu. Walipohama, hakuna aliyeubadilisha.

Nilikwenda na jembe. Msimamizi, mzee mwenye koti la mvua lililochanika, akanitazama kuanzia miguuni.

"Umeleta chakula gani, mwanangu?"

"Shikamoo baba. Nimeleta mikono."

"Marahaba. Mikono hiyo ni ya sufuria."

Wanaume wakaangua kicheko. Walikuwa wachache, wengi wao wazee, na mmoja alikuwa anachimba huku ameketi. Nilichimba nao hadi mchana, tope magotini. Nilichimba siku tatu za mfereji, misimu miwili. Jina la nyumba yetu halikuandikwa hata mara moja, kwa sababu mwanamke hahesabiwi kwenye mfereji.

Bila kuandikwa sikupata zamu. Maharage yalikauka yakiwa na maua. Nikabeba maji kwa debe, safari baada ya safari, nikaokoa mistari miwili ya viazi. Bwana shamba alipopita kukagua, aliona pakavu, akaandika kwamba shamba halitumiki. Na shamba lisilotumika, kwa uamuzi wa kijiji, linapewa nyumba yenye nguvu kazi. Langu, kwenye mkutano ule, lilipewa nyumba yenye vijana watatu. Ninawafahamu. Wawili wamekwisha kuniuliza nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Hapa ndipo insha yangu ya sekondari ilipokosea. Niliandika sababu ukurasa mmoja na matokeo ukurasa mwingine, kana kwamba havijuani. Mume wangu alihama, mfereji ukakosa mikono, mimi nikakosa maji, kisha nikakosa shamba. Aliyekosa shamba hana budi kuhama. Mama mkwe ameshaniambia, kwa upole, huku akichambua mawe kwenye mchele wa kuazima: "Mfuate mumeo, mwanangu. Huku utakufa njaa na watoto." Nimfuate wapi? Kwenye mkeka wa nani?

Hitimisho

Niliandika malalamiko usiku mmoja, asubuhi nikashuka nayo Lushoto, bomani. Karani alisoma mistari miwili akasema mwenye nyumba aje atie sahihi. Nikamwambia sahihi imeshatiwa. Akagonga muhuri bila kuniangalia, akayaweka juu ya rundo refu. Sina matumaini nayo. Nakala ninayo:

*Ndugu Mkuu wa Wilaya,*

*YAH: KUNYANG'ANYWA SHAMBA LA BONDENI*

*1. Nalalamika kwamba kijiji kimegawa shamba ninalolima kwa kusema halina mtu.*

*2. Shamba lilikauka kwa kunyimwa maji. Nilinyimwa maji kwa kutoandikwa kazi ya mfereji, ambayo niliifanya siku tatu mbele ya mashahidi.*

*3. Wanaume wengi wa kijiji wamehamia mijini. Utaratibu wa kuhesabu wanaume peke yao utawaondoa wake zao pia, na mfereji hautakuwa na wa kuuchimba.*

*4. Naomba nirudishiwe shamba kabla ya mvua za vuli, na kila anayechimba mfereji aandikwe, awe mwanamume au mwanamke.*

*5. Nina watoto wawili. Akiba ya chakula itakwisha mwezi ujao.*

*Ni mimi, mkulima.*