Slaidi Haziongei na Simu

Bosi alikuja Makambako na slaidi za kuuza kreti za kubebea parachichi, akaniambia nizigeuze ziwe maneno ya kuwapigia simu wakulima wasiotujua. Simu zisipoleta wateja, alisema, ofisi inafungwa. Mimi nilijisomesha diploma ya masoko huku nikiuza viatu Kariakoo, nikarudi nyumbani Makambako kichwa juu. Sikuhitaji kufundishwa.

Historia ya kampuni niliitupa. Nilianza na salamu, jina langu na mahali tulipo, kisha swali: je, parachichi zako huchubuka kabla ya kumfikia mnunuzi? Chini nikaweka majibu. Mkulima akisema magunia yanamtosha, muulize mnunuzi hukataa parachichi zipi. Akikuita tapeli, usibishe. Mwambie amtume ndugu yake ofisini, karibu na stendi.

Bosi alifuta mwanzo wote, akarudisha slaidi ya kwanza: "Ongeza faida yako maradufu leo."

"Bosi, matapeli ndio wanaoanza hivyo."

"Diploma isikupe kiburi, kijana."

Hasira zilinipanda. Nikamsukumia simu apige mwenyewe. Alimpata mama mmoja wa Lupembe, akamsomea mwanzo wake, tukamsikia mama kwenye spika.

"Baba, tafuta kazi," mama alisema, akakata.

Nikampigia mkulima mwingine kwa maneno yangu. Tulimaliza salamu zetu za kamwene, naye akaniita tapeli, nikamjibu nilivyoandika. Jioni mpwa wake alikuja, akazishika kreti, akaagiza.

"Bahati tu," bosi akasema.

Ofisi ipo mpaka leo, wanapiga simu kwa maneno yangu, na bosi yule sijamsamehe kwa neno lile.