Keki ya Jana

Katika chumba chetu cha kufulia, chini kabisa ya hoteli, hakuna anayekunja shuka peke yake. Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili: mmoja huku, mwingine kule, mnavuta, mnakutana, mnaachana, mnakutana tena. Kwa hiyo mwenzako wa shuka unaweza kumjua kuliko unavyomjua mumeo. Wangu ni huyu tunayemwita Pasi, kwa sababu akishawaka hapoi upesi, na naomba nieleweke mapema kwamba niko upande wake. Anayetaka hadithi ya kupima pande zote akamtafute hakimu.

Ujana wake Pasi aliumalizia nchi ya mbali upande wa mashariki, akinyoosha mashuka ya hospitali. Huko ndiko alikomzaa bintiye, baba mtu akiwa ameshatoweka tangu mimba changa. Mtoto alipofikisha miezi minane akamleta nyumbani kwa dada yake mkubwa, yeye akarudi kazini. Alidhani ni kwa miaka miwili tu. Aliporudi moja kwa moja mtoto alikuwa binti wa miaka kumi na minne, anamwita dada mtu "Mama", na yeye aliyemzaa anamwita "Mama Mdogo".

"Si neno, atazoea," aliniambia siku zake za kwanza kazini, shuka likiwa katikati yetu.

Lilikuwa neno. Nilimwona alivyolikunja lile shuka. Tangu hapo alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, aitwe Mama, bila huo udogo mkiani.

Balaa lenyewe lilianza siku ya kuzaliwa. Mtoto alizaliwa huko saa sita na dakika ishirini usiku, Septemba kumi na tano ikiwa ndiyo kwanza imeingia. Mkunga akaandika kumi na tano, na cheti kikaandika hivyo hivyo. Lakini huko wametutangulia kwa saa tano. Pasi alipoazima simu na kumpigia dada yake, huku kwetu ilikuwa ndiyo kwanza wanakula chakula cha usiku, tarehe kumi na nne. Dada mtu akapiga kigelegele, akachukua kalamu, akaizungushia kumi na nne kwenye kalenda ya ukutani. Hakudanganya, kalenda ilisema hivyo. Mtoto alipoletwa, kadi ya kliniki ikaandikwa kumi na nne kwa mdomo wa dada mtu, shule ikanakili kadi, na keki ikafuata shule.

Mpaka hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanzia kwenye simu.

Kila mwaka tarehe kumi na nne keki ilikatwa, mtoto akaitazama simu, simu ikanyamaza. Kesho yake ikalia. Dada mtu akaipokea, akamkabidhi mtoto: "Haya, Mama Mdogo amekumbuka leo." Basi. Hakusema kwamba huko mtoto alikozaliwa siku yenyewe ni hii. Na Pasi alipouliza kama wamesherehekea, alijibiwa, "Tumesherehekea, usijali." Kweli walikuwa wamesherehekea. Kuna uongo usio na neno hata moja la uongo ndani yake, na huo ndio unaodumu.

Mwaka aliorudi, Pasi aliamka kumi na tano akanunua zawadi, akaenda kwa dada yake, akakuta sahani za keki zimeshaoshwa.

"Mama Mdogo na kuchelewa!" binti akacheka. "Hata ukiwa hapa hapa?"

Pasi akatoa cheti. Binti akakisoma, akamrudishia. "Huko walikosea," akasema.

"Simu si niliipokea mimi?" dada mtu akadakia. "Ilikuwa kumi na nne, mwanangu, na wali ulikuwa mezani."

"Hata huku ilikuwa usiku wa kuamkia kumi na tano!" Pasi akawaka. "Mimi ndiye niliyekuwa nazaa, nyinyi mlikuwa mnakula!"

Wakacheka wote. Alinisimulia kesho yake huku akivuta shuka kwa nguvu hadi likanichomoka mikononi.

Miaka minne ikapita hivyo. Kisha binti akapata nafasi ya masomo nje, akahitaji pasipoti, na ofisi ya pasipoti haili keki ya mtu. Cheti kinasema kumi na tano, vyeti vya shule vinasema kumi na nne, ombi likakwama. Wakaitwa. Pasi aliniomba nimsindikize, maana nilikuwa na mapumziko na yeye alikuwa na homa ya matumaini. "Leo atasikia kwa mtu mwingine," aliniambia njiani. "Leo atajua sikuwahi kusahau."

Karani alikuwa kijana mwenye mafua, hana habari na mambo yetu. Dada mtu akamweleza habari za simu, kalenda na wali.

"Mama, tarehe ni ya pale alipozaliwa," karani akasema. "Saa za kule, kalenda ya kule. Hatugeuzi saa kuja huku. Tungekuwa tunageuza, kila anayehama angebadilisha siku ya kuzaliwa."

"Lakini huku ilikuwa kumi na nne!"

"Huku mlikuwepo nyinyi. Mtoto alikuwa kule." Akapenga kamasi. "Cheti kiko sawa. Nendeni mkaape kiapo cha kurekebisha tarehe, mkipeleke na shuleni, vyeti vifanane. Anayefuata!"

Nilimtazama Pasi. Alikuwa amesimama kama mtu anayengojea kupewa kitu.

Binti aligeuka taratibu. "Kwa hiyo zile simu," akasema, "zilikuwa zinakuja siku yenyewe?"

"Siku yenyewe," Pasi akajibu. "Kila mwaka."

Binti akamtazama dada mtu. "Mama, ulikuwa unajua?"

Dada mtu akainamia mkoba wake, akatafuta kitambaa, hakukipata. Na yule binti, badala ya kumwuliza tena, alimshika bega, akamfuta machozi kwa kiganja. "Basi, Mama," alisema. "Basi, yaishe. Twende nyumbani."

Wakatoka wawili. Sisi tukabaki na foleni. Kusema kweli niliwachukia wote, na karani na mafua yake.

Kiapo kikaapwa, vyeti vikarekebishwa, pasipoti ikatoka na kumi na tano yake. Septemba ilipofika Pasi aliomba ruhusa ya siku nzima, kumi na tano, akafagia chumba chake, akaagiza keki yenye jina la binti juu. Nilikuwa naye, nimebeba vikombe vyangu maana vyake havitoshi.

Binti alikuja alasiri, kwa heshima zake zote, mkononi ana kifurushi cha karatasi. Aliiona keki mezani, akasita mlangoni.

"Shikamoo, Mama Mdogo. Mama kasema nikuletee kipande. Tulikata jana."

"Leo ndiyo siku yako," Pasi akasema. "Pasipoti yako imesema."

"Najua. Pasipoti nitaitumia safarini." Akatazama chini. "Lakini miaka yote nimekuwa nikizaliwa jana, Mama Mdogo. Nimeshazoea."

Hakukaa sana, dada mtu alikuwa anamsubiri wakanunue sanduku la safari.

Pasi alifungua kile kifurushi. Keki ilikuwa imekauka pembeni. Akaila yote, mpaka makombo, ile nyingine ikiwa mbele yake haijaguswa kisu. Kisha akaniomba nimsaidie kukikunja kitambaa cha meza.