Uso wa Mzee Kwenye Chupa ya Asali

Bosi wangu wa Kasulu alilipenda sana neno mazingira. Alilibandika kwenye gari, kwenye mlango wa stoo, na mwishowe kwenye chupa za asali. Lebo ilikuwa na majani mabichi, picha ya mzee mmoja wa Murungu, kule Kibondo, akicheka na meno yake machache, na chini yake maneno: "Rafiki wa mazingira. Hakuna mti unaokufa kwa asali hii." Nani alihakikisha? Hakuna. Aliyeichora lebo alikaa Dar na sidhani kama aliwahi kuumwa na nyuki.

Kazi yangu ilikuwa kuchuja, kujaza chupa na kujibu wateja. Siku moja mnunuzi wa maduka makubwa ya Dar akaandika kwamba ataichukua asali yetu, ila kila dai la kwenye lebo liwe na ushahidi. Alitaka kujua inatoka kwenye mizinga ya aina gani, ya nani, na kama tunaweza kuifuatilia kutoka chupa hadi mzinga. Hilo la "rafiki wa mazingira" alisema liondoke tu, maana halisemi jambo lolote linaloweza kupimwa. Bosi alicheka. Akanituma Murungu nikapige picha za msitu, akasisitiza nichague penye kijani.

Yule mzee alinipokea kama mtoto wake. Juu ya mlango alikuwa ametundika chupa tupu yenye uso wake, na kila mgeni alionyeshwa. Mkewe alikuwa na presha ya muda mrefu, na dawa zake zilinunuliwa kwa pesa za ndoo za asali ambazo mzee alimuuzia bosi, mnunuzi wake pekee. Akanipeleka msituni kunionyesha mizinga.

Ilikuwa ya magome, kama ya baba yake. Alinieleza kwa fahari jinsi anavyouzungushia mti wa mtundu mkato wa juu na wa chini, akalipasua gome wima, akalibandua zima wakati wa mvua linapoachia vizuri. "Sisi hatukati, mwanangu," alisema. "Tunavua gome tu. Mti unabaki umesimama."

Ulikuwa umesimama kweli, mkavu, hauna jani hata moja. Na mwingine nyuma yake, na mwingine. Nilimweleza kwamba mti ukivuliwa gome kuzunguka shina lote, chakula hakishuki tena kwenye mizizi, nao hufa polepole. Aliuwekea mkono ule mti. Kisha akaniuliza kama bosi anajua. Nilisema atajua leo. Nilimhurumia, na nilikasirika zaidi, kwa sababu yeye hakuandika ile sentensi.

Nilirudi na picha za miti ile mikavu. Nikamwambia bosi jambo linatengenezeka: afute yale maneno, auze asali kama asali, mnunuzi mwenyewe alikuwa amekwisha sema hayo ya mazingira yaondoke tu. Baadaye awape wafugaji wa nyuki mizinga ya mbao iliyotoka kwenye miti ya kupandwa, asali ya mizinga hiyo ikae kwenye ndoo zake, ipewe namba zake, na lebo iseme hilo tu, kwa asali hiyo tu. Alinisikiliza huku akichokonoa meno. Alikuwa amechapisha lebo za mwaka mzima. Aliona ni nafuu kumwondoa mzee kuliko kuondoa sentensi.

Mzee alipoleta ndoo zake, bosi alimsubiri mbele ya wafugaji wengine walioleta asali. "Wewe ni muuaji wa misitu," alimwambia. "Asali yako inanichafulia jina." Watu walicheka, na wengi wao walikuwa na mizinga ya magome kama yake. Mzee alifunga ndoo kwenye bodaboda akaondoka. Wiki hiyohiyo bosi akaanza kununua asali kwa wafugaji wa Gwarama. Niliomba niende kuangalia mizinga ya huko. "Ukienda utarudi na maneno," alisema.

Nilimjibu mnunuzi wa Dar ukweli, naye akajitoa. Mimi nikafukuzwa kabla ya chai. Asali ikasambazwa kwenye maduka ya huku kwetu, ambako hakuna anayeuliza ushahidi, na ikauzika vizuri, uso wa mzee ukiwa palepale.

Nilikutana naye dukani Kibondo, miezi kadhaa baada ya kumzika mkewe. Alikuwa ameshika chupa, anaigeuza. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Humu ndani ni asali ya nani?"

"Sijui, mzee wangu," nilisema. "Hakuna anayejua."

Mwenye duka alimtazama mzee, akaitazama chupa mkononi mwake, asione kufanana kokote. Akamwambia kama hanunui, airudishe.